Namna Nilivyoirudisha Meza ya Samaki

Mama mkwe wangu alikuwa na nyumba ya nyasi iliyovuja kila mahali isipokuwa pale alipolala yeye. Kila masika nilipokwenda Mbozi kumlimia, usiku nilihamisha mkeka kutoka kona hii hadi ile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Asubuhi yeye aliamka mkavu kama ugoro, akaniuliza, "Mke wa mwanangu, mbona macho mekundu? Hukulala?"

Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka migodini ng'ambo, na kofia mpya na kifua kibovu, akasema sasa tunakwenda kukaa Mbozi moja kwa moja tulime kahawa kwenye ardhi ya mama yake, nilimjibu papo hapo. Nikamwambia, "Kahawa nitalima. Mama yako nitamheshimu. Lakini kulala chini ya zile nyasi zake, kalale wewe na kofia yako."

Akacheka. Hakujua kwamba nyumba nilikwisha kuijenga kichwani. Bati nilikuwa nazo.

Bati hizo zilikuwa sokoni Tunduma, juu ya meza yangu ya samaki. Soko lilikuwa la Baraza, yaani ile serikali ya wenyeji aliyoikalia mwene, chifu wetu, na wazee wake, na Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, alikuja kutoka Mbeya mara moja moja kutazama kama fedha hazijaliwa. Wanaouza chini walikatiwa tiketi ya ushuru kila siku. Sisi wenye meza za kudumu tulilipa kodi ya mwezi kwa karani wa soko, na kila meza ilikuwa na kibao cha namba kimetundikwa msumarini. Meza na nguzo vilikuwa vya Baraza. Paa kwanza lilikuwa la nyasi, na kambale mkavu wa Rukwa akinyeshewa huwa si chakula tena, huwa ni uchawi. Nikaomba ruhusa niezeke mwenyewe. Wakakubali upesi sana, kwa sababu harufu ilikuwa inafika barazani. Nikanunua bati sita, moja moja, kwa miaka, na kila moja nilipoipandisha wenzangu walipiga vigelegele kana kwamba nimejifungua.

Mwaka ule tunahama, kiangazi kilikuwa kimekomaa. Kuta za nyumba ya Mbozi zilikuwa bado hazijaanza, na bati hazina pa kukaa. Ukiziweka chini nyumbani, ndugu wa mume watakuja mmoja mmoja kuazima. Mahali salama palikuwa pale pale sokoni, juu, penye misumari. Basi mwezi ulipokaribia kuisha nilikwenda kwa karani, nikalipa kodi yote, nikapewa stakabadhi, nikamwambia, "Bwana karani, asante kwa kukaa vizuri. Samaki wamekwisha. Kibao kiko msumarini pake. Mimi nakuja."

Akasema, "Haya mama, karibu."

Nikaondoka.

Wajukuu zangu nikiwasimulia hapa hucheka kabla ya wakati wake, kwa hiyo ngoja nieleze. Kwetu mtu mwenye adabu haagi kwa kusema anaondoka. Unatoka mahali ulipokula na kucheka, unasema nakuja. Hata kama unahamia mwisho wa dunia, unasema nakuja. Asiyesema nakuja ni yule anayetoka kwa mabega ya watu wanne. Mama yangu alinipiga kibao mdomoni nikiwa mdogo kwa sababu nilimwambia shangazi yangu mlangoni, "Kwaheri, sirudi tena." Nilikuwa nimechoshwa na viazi vyake tu. Shangazi yule aliugua wiki ile ile, na hadi anazeeka alinitazama kwa jicho la pembeni kila alipopiga chafya.

Sasa karani wetu hakuwa wa kwetu. Alitoka upande wa ziwa, kijana wa misheni, soksi hadi magotini, kaptula imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia nyama. Si mtu mbaya. Mtu mbaya ningeshughulika naye kwa urahisi zaidi.

Nikaenda Mbozi, tukafyatua matofali, mimi na mume wangu, yeye akikohoa na mimi nikikanyaga udongo. Matofali mabichi, ya jua, kwa kuwa kuyachoma kulitaka kuni na mafundi na sisi hatukuwa na kitu. Kuta zikapanda. Mama mkwe alikuja kila jioni na fimbo yake, akagonga ukuta, akasema, "Mm." Siku ukuta wa mwisho ulipofika usawa wa paa, akatazama mawingu upande wa milima ya Undali, akasema, "Mwanangu, nyumba ya udongo bila kofia, mvua moja inakuwa uji."

Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli, ndiyo yaliyoniudhi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mvua ikitangulia paa, miezi yote ile ya kukanyaga udongo inaanza upya, na mimi naingia chini ya nyasi zake hadi masika mengine. Mume wangu kifua kilikuwa kimembana. Nikasema bati nitafuata mwenyewe. Nikavaa viatu vyangu vya kanisani ili nionekane mtu, nikapanda lori la Mhindi mmoja aliyepeleka mahindi, nikashuka Tunduma mchana.

Meza yangu niliikuta tupu, vumbi tele. Bati zipo, zote sita. Nikawapungia mkono kama watoto wangu. Nikaenda kwa karani kumwambia nimekuja kuzishusha.

Akainua uso, akafurahi kabisa. "Ah, mama samaki! Umerudi! Tulikungoja."

"Nimefuata bati zangu, bwana karani."

"Utazitoaje na mvua inakuja? Samaki watalowa."

"Samaki gani? Mimi sipo hapa tangu kiangazi."

Akafungua daftari lake, si kwa ubaya, akanionyesha kwa kidole. Kodi ya miezi miwili haijalipwa. Meza ni yangu bado. Kuna mwanamke wa mihogo aliiomba, akaiomba tena, naye karani alimkatalia. "Nilimwambia kwamba mwenye meza amesema anakuja. Nimekulindia, mama."

Nilikaa chini.

"Nilikuaga," nikasema.

"Uliniambia unakuja."

"Ndiyo kuaga kwenyewe!"

"Mama, kuja ni kuja." Akanieleza taratibu kama anafundisha katekisimu. Anayetaka kuacha meza hutoa taarifa waziwazi kwa karani kabla ya mwezi mpya kuingia. Hulipa anachodaiwa. Huondoa vitu vyake, husafisha, hurudisha kibao mkononi mwa karani, si msumarini. Karani na mzee wa soko hukagua, ndipo jina lake hufutwa. Mwenye deni hatoi kitu cha juu ya meza hadi alipe. Na bati zilikuwa juu ya meza.

"Basi futa sasa."

"Kodi ya fedha za Baraza mimi siwezi kuifuta, mama. Mzee wa soko ndiye anaweza kuamua kama ulitoa taarifa au hukutoa. Kesho asubuhi atakuwapo."

"Si yule pale?"

Mzee wa soko alikuwa pale kweli, amekaa kwenye gunia la chumvi la mwenzangu wa meza jirani, anavuta ugoro. Alikuwa amewekwa na Baraza kuamua ugomvi wa soko, na kazi hiyo aliifanya vizuri kwa sababu alikuwa mzito wa masikio. Watu waligombana hadi wakachoka kabla hajajua wanagombania nini. Akaitwa. Karani akaeleza. Mimi nikaeleza. Mzee akasema, "Nani kafa?"

Mwenzangu wa chumvi ndiye aliyemrudishia shauri lote sikioni. Huyu alikuwa Mnamwanga mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, aliuza chumvi ya Ivuna, na sauti yake ilisikika Rhodesia bila kibali. "Mukwai," akamwita kwa heshima ya kwao, "anasema aliaga! Karani anasema hakuaga! Alisema nakuja!"

"Sasa si ndiyo kuaga," akasema mzee.

Nikampigia karani makofi usoni, si ya kumgusa, ya hewani.

Karani akatabasamu, akafunga kalamu. "Mzee, jambo hili linataka utulivu. Ngoja nikafunge ofisi kidogo. Nakuja."

Akaenda. Tukangoja. Jua likapita juu ya meza ya mihogo, likapita juu ya vitunguu, likaanza kushuka. Mzee akasinzia. Mwenzangu wa chumvi akamtuma mteja mmoja achungulie, akarudi akasema karani amekula, amevua soksi, amelala. Tulicheka mimi na mwenzangu hadi tukashikana. Usiku huo nikalala kwake, na sikuweza kulala vizuri kwa kupanga nitakavyomwambia asubuhi. Nilikuwa nimempata. Nilijiona wakili.

Asubuhi alikuja amepigwa pasi upya. Wenye meza walikuwa wamekwisha kusogea karibu, maana mwenzangu alikuwa ametangaza. Nikaanza kwa sauti ya kanisani.

"Bwana karani, jana ulituambia nini ulipoondoka?"

"Nilisema nakuja."

"Tumekungoja jana yote. Nikuandikie kodi ya kunikalisha?"

Soko lilianguka kwa kicheko. Hata mwanamke wa mihogo, ambaye alikuwa na haki ya kunichukia, alijipiga mapaja. Karani naye akacheka, akangoja wanyamaze, akasema kwa upole:

"Lakini mama, mimi nimekuja. Ndiyo huyu hapa. Na wewe umekuja, ndiyo wewe hapo. Wote wawili tulisema kweli. Sasa nani aliaga?"

Wakacheka zaidi, na safari hii wakinicheka mimi. Mtu aliyefua soksi zake vizuri namna ile ningejua kwamba ana akili.

Mzee wa soko alikuwa ameamka vizuri siku hiyo. Akataka maji, akanywa, akasema watu wakae. Nitayaandika maneno yake kama nilivyoyakumbuka, maana yalikuwa na busara kuliko nilivyomtegemea, na pia yaliniumiza.

"Huyu mama kaondoka, lakini bati zake zilibaki zimelala kwetu. Mgeni akiondoka akaacha mkeka wake umetandikwa, utamlaza nani hapo? Basi mwezi mmoja alipe, wa mkeka. Mwezi wa pili," akamtazama karani, "ni wa ulimi. Kama alikuwa anaaga, hadaiwi. Kama alikuwa anarudi, adaiwe. Na anayejua alichomaanisha ni yeye. Aseme."

"Nilikuwa naaga, mzee."

"Hapana," akasema karani. "Ayaseme maneno yenyewe ambayo angeyasema siku ile. Kwamba ameondoka sokoni, na harudi. Niyaandike yawe taarifa."

Nilihisi mdomo wangu unauma pale pale mama aliponipiga.

Nikajaribu kuzunguka. "Meza nimeiacha mikononi mwenu."

"Kwa muda gani?" akauliza karani.

"Meza imenichoka."

"Hiyo ni meza. Wewe je?"

"Mimi nakwenda kulima kahawa, na kahawa haiishi leo wala kesho."

"Na kahawa ikiuzwa, utarudi?"

"Mukwai, msimlazimishe!" mwenzangu wa chumvi akalia. "Ana watoto huyu! Mnataka ajiite maiti mbele ya vitunguu?"

"Mimi silazimishi," karani akasema, na jasho lilikuwa linamtoka, namwona hadi leo. "Asiposema, meza ni yake. Naye alipe yote miwili."

Kodi ya miezi yote miwili sikuwa nayo, na hata ya mmoja sikuwa nayo. Fedha ziliishia kwenye misumari na mbao za kenchi. Nikatazama juu, bati zangu, na nyuma ya bati wingu lilikuwa limekaa zito, rangi ya sufuria. Nikaziona kuta zangu zikilegea kama uji wa mgonjwa, na mama mkwe amesimama kando na fimbo yake, mkavu, anasema "Mm."

Nikasema. Kwa sauti ili tusirudie. "Nimeondoka sokoni Tunduma na sirudi tena."

Kuna aliyetema mate chini. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake masikio.

Karani alikuwa anakuna karatasi, anakuna, akaitikisa kalamu. "Samahani, mama. Wino umekauka. Rudia."

Nilimtukana. Sitaandika tusi lenyewe kwa sababu kitabu hiki kitasomwa na mchungaji, ila lilihusu soksi. Halafu nikarudia. Mara ya pili nilikwisha kukasirika, na hasira haina nafasi ya kuogopa kufa. Yakatoka kama kupiga chafya. Akaandika, nikapiga dole gumba, maana kuandika nilijifunza baadaye, mzee naye akapiga lake.

Ikabaki kodi ya mkeka. Hapo nikavua viatu vya kanisani, nikavinyanyua juu. "Nani ana miguu?"

Mwenzangu wa chumvi akavichukua. Vilikuwa vikubwa kwake hadi alionekana bata, lakini alilipa pale pale, bila kupatana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na mtu yeyote pande zote mbili za mpaka. "Na kanisani utakwenda na nini?" akaniuliza.

"Mungu alinijua miguu yangu tangu nikiwa tumboni. Viatu ndivyo asivyovijua."

Nikalipa, nikapokea stakabadhi, nikadhani nimemaliza. Karani akainama, akainusa meza. Akarudi nyuma. "Mama, meza hurudishwa safi."

Basi nikapiga magoti peku, nikaisugua kwa mchanga na majivu, nikamwaga maji, nikasugua tena. Miaka ya kambale haitoki kwa siku moja. Mwanamke wa mihogo ndiye aliyenionea huruma, au alijionea huruma mwenyewe kwa kuwa ndiye atakayerithi, akaja na majani ya mlimau tukasugua wote wawili. "Dada, uliwahi kuwa na wateja na harufu hii?" akaniuliza. Nikamwambia wateja walifuata harufu, hawakuniuliza meza iko wapi. Mwisho karani akapitisha kidole, akakinusa, akakunja uso, akasema, "Itafaa kwa mihogo." Nikampa kibao mkononi. Mzee akatikisa nguzo zote kuona kama sikuzing'oa, akaniruhusu kupanda.

Bati nilizishusha mwenyewe, misumari nikaing'oa moja moja nikaitia kwenye pindo la kitenge. Karani, na soksi zake na kaptula yake, alisimama chini akazipokea. Alipomaliza alikuwa na kutu hadi kwenye paji la uso. Mimi sikusema nakuja. Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa hapo hapo mlangoni. Nikamwambia tu, "Nawa uso, mwanangu," nikapanda juu ya lori, nikazilalia bati zisipeperuke, mgongo ukapigwa kila shimo hadi Mbozi.

Tulizipandisha kesho yake, mume wangu na shemeji zangu, wakibishana upande upi utangulie. Matundu ya misumari ya zamani tuliyaziba kwa lami niliyoomba kwa watengeneza barabara. Mvua haikutungoja sana. Ilikuja alasiri, kubwa, ya mawe, tukakimbilia ndani wote pamoja na mama mkwe, ambaye alisema anapita tu.

Ukuta haukulowa. Mimi sikufa. Nilisimama katikati ya chumba changu, peku, nikazunguka kutafuta tone, sikupata. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinua fimbo juu ya bati, mdomo wake unakwenda. Alikuwa ananiambia jambo refu, na kwa uso wake halikuwa la sifa. Lakini bati chini ya mvua ya mawe ina kelele kuliko treni, hata mzee wa soko angelalamika, na katika ndoa yangu nzima hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kuniambia kitu nisisikie neno hata moja. Nikamwitikia kwa kichwa. "Ndiyo, mama," nikapaza sauti. "Ndiyo, mama." Nikamwinjikia chai.